Donge Kooni Lisilouma: Kwa Nini Ugali Unapita na Mate Yanakwama

Meza mate. Meza tena papo hapo, halafu tena, mpaka zifike mara tano mfululizo bila kunywa kitu katikati. Kwa watu wengi, wakiwemo wenye koo zima kabisa, mara ya nne au ya tano inagoma. Ulimi unasukuma, koo linajikaza, lakini hakuna kinachoshuka, na hapo chini ya zoloto panabaki kitu kama punje ya hindi isiyotaka kwenda. Subiri nusu dakika, piga funda moja la maji, na kitu hicho kitatoweka.

Katika sekunde hizo chache hakuna uvimbe ulioota wala kuyeyuka. Mate yaliisha, msuli ukabaki umejibana, na ubongo ukasoma mbano huo kama kitu kilichokwama. Hali tunayoizungumzia hapa ni hiyohiyo, ila kwa baadhi ya watu haiishi baada ya nusu dakika. Hukaa wiki, miezi, hata miaka, ikija na kuondoka.

Wanaoipata huieleza kwa namna zinazofanana ajabu. Kuna kitu kooni, hakiumi, hakishuki, hakitoki. Mmoja atasema ni unywele, mwingine kohozi gumu, mwingine tonge, mwingine mkono ulioshika shingo kwa nje. Huzidi jioni, au mtu anapokuwa peke yake kimya. Akianza kula, hakisikiki. Akishanawa mikono, kimerudi. Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya watu zaidi, na kwa daktari ndilo lenye thamani kuliko maelezo mengine yote: kitu halisi kilichoziba njia kingelizuia tonge la ugali kwanza, kabla hakijazuia mate.

Si jambo adimu. Tafiti zimewahi kukuta hadi asilimia 46 ya watu wanaojiona wana afya wakikiri kwamba wamewahi kulisikia donge hilo, na katika kliniki za masikio, pua na koo hufikia takriban wagonjwa 4 katika kila 100 wapya. Kiswahili chenyewe kinalijua. Mtu aliyezuia kilio husema kilio kilimkaba koo, na aliyemeza hasira husemwa ana donge. Waganga wa Kigiriki waliliandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1707 tabibu Mwingereza John Purcell alijaribu kulieleza kwa misuli ya shingo inayobana zoloto, lakini kwa karne mbili na zaidi lilibaki na jina lililolihusisha na wanawake na tumbo la uzazi, kana kwamba wanaume hawana koo. Ilipofika 1968, daktari Malcomson alipendekeza jina hilo liachwe, kwa sababu wengi wa wagonjwa aliowachunguza hawakuwa na hulka ya kihisteria waliyosingiziwa. Wanaume na wanawake hulipata kwa kiwango kinachokaribiana. Wanawake ndio huenda hospitali zaidi.

Mlango unaofungwa muda wote

Weka kidole kwenye zoloto, kile kifundo kigumu cha mbele ya shingo, kisha teremka kidogo mpaka ukutane na pete nyingine ngumu. Nyuma ya pete hiyo ndipo koromeo linapokwisha na umio unapoanza, yaani bomba la kupeleka chakula tumboni. Mlango wa hapo umetengenezwa na msuli uliozunguka kama mpira wa kufungia pesa. Watu hudhani mlango huo uko wazi na hufungwa kwa sababu maalumu. Ni kinyume chake: umebanwa muda wote, ili hewa isiingie tumboni tunapovuta pumzi na kilichomo kwenye umio kisipande kooni. Hufunguka tu tunapomeza, tena kwa muda usiofika sekunde moja, kisha hujibana upya.

Sasa angalia tofauti ya mate na chakula. Mate ya kumeza mara moja ni takriban mililita moja, au chini ya hapo. Funda la maji linaweza kufika mililita 20. Tonge la ugali lenye mchuzi ni kubwa na zito zaidi. Kadiri kinachomezwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo mlango unavyofunguka kwa upana zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo chakula huunyoosha msuli, mate hupita kwa kubanwabanwa. Msuli ukiwa umekaza kupita kawaida, mate ndiyo yatakayokwaruza na chakula kitapita bila habari. Ndiyo maana mtu anaweza kula sahani nzima ya makande kwa raha, kisha akashindwa kumeza mate wakati wa kutazama taarifa ya habari.

Mkazo wa msuli huo hupanda mtu anapokuwa na wasiwasi, anapozuia kulia au anapokasirika, na hushuka sana usingizini. Donge la aina hii kwa kawaida halimwamshi mtu usiku. Wengi husema wakiamka asubuhi hawalisikii kwa dakika chache, mpaka walikumbuke.

Hapo kwenye kulikumbuka ndipo mzunguko unapoanzia. Mtu hulisikia, humeza mate ili kulipima, na kumeza mate kavu kunaukaza msuli na kumaliza mate. Humeza tena. Akiona halijaenda, hujikohoza: ile "ehem" ya kila baada ya dakika. Kujikohoza huzigonganisha nyuzi za sauti kwa nguvu, ngozi laini ya hapo huvimba kidogo, na koo hutoa ute kujikinga. Ute huo husikika kama kitu kipya cha kutolewa. Anayejikohoza mara 200 kwa siku analitengeneza donge lake mwenyewe, na hana habari.

Tindikali ya tumbo nayo ina nafasi yake, ingawa ndogo kuliko inavyotangazwa. Ikipanda kwenye umio, hata kama haifiki kooni, mlango wa juu huweza kujibana kwa kujihami. Mwenye kiungulia pamoja na donge ana haki ya kuvihusisha viwili hivyo. Asiye na kiungulia hata kidogo ana sababu ndogo ya kufanya hivyo. Mafua ya mzio yanayoteremsha makamasi nyuma ya pua huchangia pia, na hapa kuna mtego: dawa za mzio za zamani, kama Piriton ya vidonge vya njano, hukausha mate. Mtu anameza kidonge ili koo lisafike, mate yanapungua, donge linakua.

Mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 41, mshonaji wa nguo. Mfano huu umeunganishwa kutoka mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wengi. Hakuna mtu mmoja halisi nyuma yake. Dada yake alifariki Machi. Mwezi Mei akaanza kusikia kitu kooni, katikati, chini ya zoloto. Hakimuumi. Mtu fulani wa ukoo wake alikufa kwa saratani ya koo, na yeye hilo ndilo analoliwaza ingawa halisemi.

Kabla ya kufika kwa daktari ameshapita duka la dawa mara tatu. Mara ya kwanza alipewa amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku tano, kwa maelezo kwamba ni tonsesi. Mara ya pili azithromaisini. Mara ya tatu omeprazoli, kwa kuwa "ni asidi". Amesukutua maji ya chumvi, ametafuna tangawizi, amekunywa ndimu na asali. Dawa za kuua bakteria hazikuwa na bakteria wa kuua: tonsesi zenye maambukizi huuma, huleta homa, na kumeza chakula ndiko kunakouma zaidi. Kila dawa ilimpa siku mbili za nafuu, kwa sababu siku mbili za mwanzo alikuwa na tumaini na aliacha kujipima.

Daktari anayeijua hali hii huuliza maswali machache na husubiri majibu.

"Dada, ukila ugali na nyama, vinapita?"

"Vinapita vizuri tu, daktari. Hata sisikii kitu."

"Nyama hujaiacha siku hizi? Huteremshi kila tonge kwa maji?"

Swali hili la pili lina uzito kuliko la kwanza. Mwenye umio unaoziba polepole hujirekebisha bila kujua: anatafuna muda mrefu, anapendelea mtori na uji, anaacha nyama na chapati, anamaliza kula wa mwisho nyumbani. Ukimuuliza kama chakula kinapita atasema ndiyo, maana chakula anachokichagua sasa kinapita. Ndiyo maana wengine humuuliza mtu anayeishi na mgonjwa, siyo mgonjwa peke yake.

Mshonaji wetu anakula kama zamani. Uzito wake ni kilo 68, na kadi ya kliniki ya mwaka uliopita inaonyesha 67. Sauti haijabadilika. Hatemi damu. Sikio haliumi. Havuti sigara, hanywi pombe. Donge liko katikati, halijahamia upande mmoja, na siku tatu alizokwenda kijijini kwa harusi hakulisikia kabisa.

Kisha anapimwa. Daktari anamkagua kinywa kwa taa, anapapasa shingo yote kutafuta matezi yaliyovimba, na anampa kikombe cha maji anywe huku kidevu kimeinuka. Kama kuna kivimbe chini ya zoloto kinachopanda na kushuka kila anapomeza, hicho ni cha tezi ya shingo, na atahitaji picha ya mawimbi ya sauti pamoja na kipimo cha damu cha tezi hiyo. Rovu kubwa linaweza kweli kukandamiza koo. Vivimbe vidogo vya tezi, ambavyo ni vingi mno kwa wanawake wa umri huu, kwa kawaida haviwezi.

Palipo na daktari wa masikio, pua na koo, hatua inayofuata ni kamera nyembamba inayopitishwa puani. Unene wake ni milimita tatu au nne tu. Pua hupuliziwa dawa ya ganzi, mgonjwa hukaa kwenye kiti, na kwa dakika mbili au tatu daktari huona nyuma ya ulimi, zoloto, nyuzi za sauti na vijishimo vya pembeni ambamo saratani ya koromeo hupenda kujificha. Hakuna kulazwa wala kulala njaa. Kwa mshonaji wetu kila kitu kiko sawa, isipokuwa wekundu kidogo nyuma ya zoloto, ambao kwa anayejikohoza kutwa ni jambo la kutarajiwa.

Je, anahitaji pia kamera ndefu ya tumboni, au picha ya eksirei ya kumeza dawa nyeupe? Kwa mtu mwenye historia kama yake, shingo isiyo na uvimbe na kamera ya puani iliyo safi, vipimo hivyo mara chache sana huonyesha jambo la kubadili matibabu. Vinagharimu pesa na vinampa sababu ya kudhani daktari naye ana shaka. Lakini kama angesema nyama inakwama, hata mara moja moja, jibu lingegeuka: kamera ndefu bila kuchelewa.

Kwa wanaopenda vigezo rasmi, jopo la wataalamu wa tumbo lilivichapisha mwaka 2016. Donge lisiwe na maumivu, lisikike kati ya milo, chakula kisikwame wala kisiume, pasiwe na kasoro ya umbile iliyoonekana wala tindikali au ugonjwa wa jinsi umio unavyosukuma chakula unaolieleza. Liwe limejitokeza angalau mara moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, na lilianza si chini ya miezi sita nyuma. Mshonaji wetu alianza Mei. Akifika kliniki Agosti bado hajatimiza miezi sita. Hakuna daktari mwenye akili atakayemwambia arudi Novemba ndipo atulizwe.

Vioo, tochi za simu na kimeo

Ukiwa na donge kooni utachukua simu, uwashe tochi na kufungua kinywa mbele ya kioo. Utaona vitu ambavyo hukuwahi kuviona, na vyote vitakutisha. Nyuma kabisa ya ulimi kuna vinundu 8 hadi 12 vilivyopangwa kama herufi V. Ni sehemu za kuonjea ladha, kila mtu anazo. Nyuma ya koo unaweza kuona vijiduara vyekundu kama mawe ya mto. Ni tishu ya kinga iliyochokozwa na mafua. Vipunje vyeupe vyenye harufu ndani ya tonsesi ni mabaki yaliyogandamana. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoko mahali donge linaposikika, kwa sababu huko chini ya zoloto kioo na tochi havifiki.

Vivyo hivyo kimeo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kikohozi au usumbufu wa koo ukikaa sana, mtu huambiwa kimeo kimerefuka na kinapaswa kukatwa. Kimeo kinaning'inia kwenye kaakaa, juu kabisa, sentimita kadhaa kutoka kwenye msuli tunaousema. Kukikata hakuwezi kuulegeza. Kinachoweza kutokea ni kuvuja damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine yanayobebwa na kisu kilichopita kwa watu wengi. Wapo watoto waliokufa kwa hilo.

Kosa jingine ni kuminya shingo kwa vidole kutafuta uvimbe. Juu ya zoloto kuna mfupa mdogo wenye umbo la kwato, na ncha zake mbili husikika kama vivimbe vigumu pembeni mwa shingo. Ukiziminya kila siku zitaanza kuuma, na hapo utakuwa na donge pamoja na maumivu, yote ya kujitakia.

Na mwiba wa samaki? Huo haufanani na donge hili. Huanza ghafla, mezani, kwenye tonge unalolikumbuka. Huchoma upande mmoja, na kila ukimeza unachoma palepale. Kuusukuma kwa tonge la ugali au ndizi, kama tulivyozoea Pwani, wakati mwingine huuzamisha zaidi. Ukiendelea kuchoma, nenda ukatolewe.

Pale ambapo utulivu huu haufai

Mahali unaposikia kitu hapakuambii kilipo. Neva za umio hazina ramani nzuri. Chakula kilichokwama kifuani, hata karibu na tumbo, kinaweza kusikika kooni. Kwa hiyo usijipe moyo wala hofu kwa sababu ya mahali. Angalia mwenendo wake.

Hili lina maana ya pekee kwa msomaji wa ukanda wetu. Saratani ya umio ni nyingi mno katika mstari unaotoka Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda na Tanzania, ukashuka Malawi hadi Afrika Kusini. Magharibi mwa Kenya, kwa mfano katika hospitali ya Tenwek kule Bomet, imeonekana hata kwa watu ambao hawajatimiza miaka 30. Anayesema "mimi bado kijana" akiwa anakwamwa na nyama hana kinga ya umri. Vinywaji vya moto kupita nyuzi joto 65 viliorodheshwa mwaka 2016 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa huenda vinachangia saratani hiyo. Chai inayochemka na kunywewa hapohapo imo humo. Tumbaku na pombe ushahidi wake ni mzito zaidi.

Saratani ya umio huwa na mpangilio wake. Huanza na vigumu: nyama, chapati, ugali mkavu. Baada ya wiki au miezi inafika kwenye wali na ndizi, kisha uji, mwisho maji. Haiji na kuondoka, haisahauliki harusini, na chakula huifanya idhihirike badala ya kuifuta. Uzito hushuka. Kwa hiyo chakula kinachokwama, au kumeza kunakouma, ni jambo la kuonana na daktari wiki hiyohiyo.

Mengine yanayoondoa hali hii katika kundi la yasiyo na madhara: sauti kukwaruza zaidi ya wiki tatu, uvimbe shingoni unaoshikika, kutema damu, donge lililoganda upande mmoja tu, maumivu ya sikio moja wakati sikio lenyewe ni zima. Hilo la sikio huwashangaza watu. Koo na sikio vinagawana neva, na uvimbe wa koromeo unaweza kuuma sikioni kabla haujauma kooni. Mvutaji sigara au mnywaji wa miaka mingi mwenye zaidi ya miaka 50 afanyiwe kipimo cha kamera hata kama hana lolote kati ya haya.

Kuna pia ya dharura, ambayo hayasubiri kesho: mate yanayodondoka kwa kushindwa kumezwa, mlio wa kukoroma wakati wa kuvuta pumzi, au midomo na ulimi kuvimba ghafla. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu za kundi la kaptoprili na enalaprili wajue kwamba uvimbe huo unaweza kuwa wa dawa, hata baada ya miaka ya kuitumia salama.

Kuulegeza msuli

Turudi kwa mshonaji. Matibabu yake ya kwanza yameshafanyika: ameonyeshwa kwamba njia iko wazi na ameelezwa msuli unafanya nini. Kumwambia mtu "huna kitu, ni mawazo tu" hakufanyi kazi hiyo, kwa sababu kitu anakisikia kweli. Zoezi la kumeza mara tano, lile la mwanzo wa makala, linafanya kazi vizuri zaidi kuliko maneno. Analitengeneza donge mbele ya daktari, kisha analifuta kwa maji.

Kinachofuata ni kuuvunja ule mzunguko. Abebe chupa ya maji ya nusu lita, na kila anapotamani kujikohoza au kujipima kwa kumeza mate, apige funda dogo moja ameinamisha kidevu kidogo. Asipokuwa na maji, atoe pumzi kwa "hhh" isiyo na sauti, au avume kwa upole huku midomo imefungwa. Siku nne hadi kumi za kwanza ni ngumu. Ute uliokuwa ukitolewa kwa nguvu utasikika zaidi kabla haujapungua. Wengi huacha hapa wakidhani njia imeshindwa.

Mara tatu kwa siku apige miayo ya makusudi mitano, taya limelegea, ulimi umelala chini, na kila mwayo uishie na "aaa" ya kushusha pumzi. Mwayo hushusha zoloto na kufungua koromeo. Kisha achukue mrija, auzamishe sentimita tatu hivi kwenye glasi ya maji na kupuliza mapovu huku akitoa sauti ya "uuu" kwa dakika mbili. Watoto watacheka. Wataalamu wa tiba ya sauti hulitumia zoezi hili, na wenye shingo na mabega yaliyokakamaa kwa kuinamia cherehani hunufaika zaidi wakilitanguliza na kuinua mabega hadi masikioni na kuyaachia, mara kumi.

Omeprazoli je? Angekuwa na kiungulia, angepewa miligramu 20 nusu saa kabla ya kifungua kinywa kwa wiki nne hadi nane, kisha hesabu ifanywe: imesaidia au la. Aliyeitumia muda mrefu asiikate ghafla bila ushauri, maana tindikali huweza kurudi kwa kishindo kwa siku au wiki kadhaa. Kwa asiye na kiungulia, jibu lipo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza kwa watu 346 wenye usumbufu wa koo usiokwisha. Kundi moja lilipewa lansoprazoli miligramu 30 mara mbili kwa siku kwa wiki 16, jingine vidonge visivyo na dawa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Mwili ulikuwa unajituliza wenyewe, na kidonge kikapokea sifa.

Hatua za bei rahisi zinatosha kwa anayeshuku tindikali: chakula cha mwisho kiliwe muda wa saa tatu kabla ya kulala, na miguu ya kitanda ya upande wa kichwa iinuliwe kwa mbao sentimita 15 hadi 20. Mito miwili haifanyi kazi hiyo. Inakunja tumbo na kulikamua. Wakati wa Ramadhani, wanaokula daku na kurudi kulala papo hapo hulisikia donge zaidi, na mchana mate nayo yamepungua. Kukaa wima walau saa moja baada ya daku kunapunguza.

Pale yote haya yanaposhindwa kwa miezi, na donge linamharibia mtu usingizi na kazi, daktari anaweza kujaribu amitriptilini kwa kiwango kidogo sana, miligramu 10 hadi 25 usiku. Majaribio yaliyopo ni madogo lakini yanaelekea kuonyesha kwamba inasaidia. Kiwango hicho hulenga neva za koo, hakilengi sonona. Nayo hukausha mdomo, kwa hiyo si ya kuanzia. Mtu aliyefiwa, kama mshonaji wetu, mara nyingi hufaidika kuliko kidonge chochote akipata mahali pa kulia kilio alichokimeza mwezi Machi.

Haliondoki kwa siku moja. Waliofuatiliwa kwa miaka miwili na zaidi, kiasi cha nusu walikuwa wamepona au wamepata nafuu kubwa. Wengine waliendelea kulisikia mara moja moja, na saratani ya koo haikuwazukia. Mshonaji arudi baada ya wiki sita, apimwe uzito kwenye mizani ileile na aulizwe tena kuhusu nyama. Kilo zikiwa 68 na nyama inapita, hakuna kamera ya kurudia. Zikiwa 63, maelezo yote ya msuli yanawekwa kando na uchunguzi unaanza upya.